Siku 15 Zaidi: Kuomba Muda wa Kulipa Bila Kumpoteza Msambazaji

Ndugu wafanyabiashara, ndugu wahasibu, na ninyi mnaoshughulika na manunuzi, asanteni kwa kufika. Leo nina jambo moja tu: namna ya kumwomba msambazaji atuongezee muda wa kulipa, na akishatuongezea, aendelee kupokea simu yetu kwa moyo mkunjufu. Sizungumzii madeni yaliyokwisha kuchacha. Nazungumzia biashara inayolipa vizuri, inayochukua mali kauli kwa siku 30, na ambayo sasa ingependa siku 45.

Naomba tuanze na hesabu kabla ya maneno, kwa sababu wengi huenda kwenye mazungumzo haya wakiwa na maneno matamu na hesabu hawana. Tuchukue karakana ya samani. Inanunua mbao kwa msambazaji mmoja, thamani ya milioni 30 kwa mwezi, kwa fedha yoyote mtakayo kuiweka hapo. Hiyo ni milioni 1 kwa siku. Mbao zikiingia stoo zinakaa kidogo, zinakatwa, zinaunganishwa, zinapakwa vanishi, na mpaka samani impate mteja zimepita siku 25. Mteja naye ni ofisi au hoteli, hulipa siku 45 baada ya kupokea. Kwa hiyo tangu mbao ziingie hadi fedha irudi ni siku 70. Msambazaji ameshalipwa siku ya 30. Siku 40 zilizobaki karakana inazibeba yenyewe, kwa akiba yake au kwa mkopo wa benki. Siku 40 mara milioni 1: milioni 40 zimelala ndani ya mbao na ndani ya madeni ya wateja.

Msambazaji akikubali siku 45 badala ya 30, pengo linashuka kutoka siku 40 hadi 25, na milioni 15 zinafunguka. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo watu wanapojidanganya. Hizo milioni 15 zinafunguka mara moja tu. Hazirudi kila mwezi. Kipindi cha mabadiliko unapata nafuu, halafu baada ya hapo unalipa milioni 30 kila mwezi kama zamani, ila kwa kuchelewa siku 15. Kama biashara inapata hasara mwezi kwa mwezi, siku hizi 15 zitakupa pumzi ya muda mfupi, kisha utarudi palepale ukiwa na deni kubwa zaidi kwa msambazaji. Muda mrefu wa kulipa unatibu pengo la muda. Hasara hautibu.

Kuna upande wa pili ambao hauonekani wakati mauzo yanapanda. Manunuzi yakishuka kutoka milioni 30 hadi milioni 20 kwa mwezi, deni lako kwa msambazaji nalo linashuka, kutoka milioni 45 hadi milioni 30. Maana yake ni kwamba katika miezi hiyo ya mauzo madogo unalipa ankara kubwa za zamani. Kadiri muda wa kulipa unavyokuwa mrefu, ndivyo mkia huo unavyokuwa mrefu. Kwa hiyo zile milioni 15 usizijengee ukuta wala usizinunulie gari. Punguza nazo mkopo wa benki unaoweza kuuchukua tena, au ziweke akiba.

Sasa tuhamie upande wa meza anakokaa msambazaji, kwani hapo ndipo mazungumzo yanaposhinda au kushindwa. Kwake yeye, ombi letu linamaanisha kwamba deni analotudai linapanda kutoka milioni 30 hadi milioni 45. Hizo milioni 15 za ziada atazitoa mahali. Tuseme anakopa benki kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Milioni 15 kwa asilimia 18 ni milioni 2.7 kwa mwaka, yaani 225,000 kila mwezi. Ukilinganisha na milioni 30 anazotuuzia, ni asilimia 0.75 ya bei. Inaonekana ndogo. Lakini kama faida yake halisi kwetu ni asilimia 5, yaani milioni 1.5 kwa mwezi, basi tumemwomba aachie asilimia 15 ya faida hiyo. Ukiijua namba hiyo hutashangaa uso wake ukikunjamana, na hutasema, “Ni siku 15 tu, ndugu yangu.”

Namba hiyohiyo ya 225,000 ndiyo inayotuambia tupeleke nini mezani. Hatuendi na mikono mitupu. Katika mfano wetu, msambazaji huleta mbao mara sita kwa mwezi, mizigo midogo midogo ya milioni 5 kila baada ya siku tano, kwa sababu karakana huagiza kila inapoona rafu zimepungua. Tuseme kila safari ya lori inamgharimu 80,000 kwa mafuta, dereva na vibarua. Tukikubali kuagiza mara tatu kwa mwezi, mizigo ya milioni 10, anaokoa safari tatu, sawa na 240,000. Gharama ya siku 15 imefunikwa na kuzidi kidogo. Sasa tunazungumza lugha moja.

Hata hivyo sadaka hiyo ina bei kwetu pia. Mzigo wa siku kumi ukija kwa mkupuo, wastani wa mbao zilizolala stoo unapanda kutoka akiba ya siku mbili na nusu hadi siku tano. Tumejiongezea siku mbili na nusu za kushikilia mali, kwa hiyo nafuu halisi ni siku 12 na nusu, yaani milioni 12.5. Bado inafaa, ilimradi stoo ina nafasi na mbao haziharibiki. Kwa bidhaa inayooza au inayopitwa na wakati, sadaka hii inaweza kumeza faida yote, na hapo tutafute nyingine: ahadi ya kiasi cha chini kwa mwaka, makadirio ya oda za miezi mitatu mbele ili naye apange manunuzi yake, au kuhakiki ankara ndani ya siku tatu ili asikae wiki mbili akijiuliza kama imekubaliwa. Hilo la mwisho halitugharimu kitu, na msambazaji aliyezoea kuambiwa siku ya malipo kwamba ankara yake ina kasoro analithamini sana.

Jiulizeni vilevile nani anakopa kwa bei nafuu kati yenu wawili. Msambazaji mkubwa anayekopa kwa asilimia 12 akimbebea mnunuzi anayekopa kwa asilimia 20, kuna kitu cha kugawana. Mambo yakiwa kinyume, yaani wewe unakopa kwa asilimia 12 na yeye ni fundi mdogo anayekopa kwa asilimia 25, kumsukumia mzigo ni kununua mkopo ghali kupitia mgongo wake, na atakurudishia gharama hiyo kwenye bei hata kama leo atasema ndiyo. Hapo ni afadhali ukope mwenyewe.

Kabla ya kupiga simu yoyote, mwombe mhasibu wako alinganishe taarifa ya hesabu ya msambazaji na vitabu vyenu, ankara kwa ankara. Utakuta vitu: ankara ambayo haikuwafikia, mbao zilizorudishwa ambazo hazijakatwa kwenye deni, malipo yaliyowekwa kwenye akaunti ya mteja mwingine. Visafishwe vyote kwanza. Hakuna kinachovunja mazungumzo kama msambazaji kufungua kompyuta yake na kukuonyesha ankara ya miezi minne iliyopita, wakati wewe ndiyo kwanza unaomba muda zaidi.

Halafu pima kwa kweli unalipa siku ya ngapi. Chukua ankara zilizolipwa miezi sita iliyopita, zidisha thamani ya kila moja kwa siku zilizopita mpaka ilipolipwa, jumlisha, kisha gawanya kwa jumla ya thamani. Mfano mdogo: ankara ya milioni 4 ililipwa siku ya 31, ya milioni 10 siku ya 42, na ya milioni 6 siku ya 35. Ukizidisha unapata 124, 420 na 210, jumla 754. Gawanya kwa 20, unapata siku 37.7. Kwenye karatasi una siku 30, lakini kwa matendo una karibu 38. Namba hii ina mambo mawili. Kwanza, kama sasa utalipa siku ya 45 kwa uaminifu, nafuu yako ni siku saba hivi na si 15. Pili, na hili ni muhimu zaidi, msambazaji anaijua hiyo 38. Mtu wake wa madeni ndiye aliyekuwa akipiga simu.

Msifiche. Semeni wazi: “Tumejipima, tumekuta tunawalipa siku ya 38 wakati tuliahidi 30. Tunaomba 45, na tutalipa siku ya 45 bila kupigiwa simu.” Kwa wasambazaji wengi, siku 45 za uhakika zina thamani kuliko siku 30 zisizotabirika, kwa kuwa naye ana mishahara na malighafi za kupangia. Ila kauli hii inatumika mara moja tu maishani. Ukiitoa kisha ukalipa siku ya 53, huna tena cha kusema.

Kuhusu wakati wa kuomba, kanuni yangu ni fupi: usiombe siku ambayo unadaiwa ankara iliyopitiliza. Ombi la siku hiyo husikika kama kushindwa kulipa, hata kama ndani yake ni mpango mzuri. Omba wakati oda zinakaribia kuongezeka, au mkataba wa mwaka unafanyiwa mapitio, au miezi miwili hivi kabla ya msimu wako. Usiombe wiki ya mwisho wa mwezi wake, wakati anahangaika na makusanyo.

Na umwombe mtu anayeweza kuamua. Ofisa mauzo anayekutembelea anakupenda na atakwambia hakuna shida, lakini mara nyingi hana mamlaka ya mikopo. Kwa upande mwingine, kumruka na kwenda kwa bosi wake ni kumdhalilisha. Mwambie yeye kwanza, mpe hesabu ulizoandaa, mwombe akupangie kikao na mtu wa fedha na yeye mwenyewe awepo. Kwa namna hiyo anakuwa wakili wako ndani ya kampuni yao, na anafika kwa bosi akiwa na ile hesabu ya safari tatu za lori mkononi.

Sasa mko kikaoni. Sema ombi lako kwa namba, kisha nyamaza. Watu wengi huomba siku 45, kimya kinapoingia sekunde tano wanajipunguzia wenyewe: “Au hata 40 si mbaya.” Acheni mwenzenu afikiri. Jibu la kwanza mara nyingi huwa hapana, na hapo ndipo pa kukaa kwa utulivu, kwa kuwa hapana hiyo inaweza kuwa na maana tatu tofauti kabisa, na kila moja ina dawa yake. Uliza kwa upole: “Kinachowakwaza hasa ni nini: ni fedha ya kuzungushia, ni wasiwasi kwamba tutachelewa, au ni faida kupungua?”

Akisema ni fedha ya kuzungushia, maana yake hana akiba ya kubeba milioni 15 hata kama faida ingebaki vilevile. Msambazaji huyu usimpe ahadi ya kununua zaidi, maana kadiri utakavyonunua ndivyo utakavyomkausha. Gawanya malipo: nusu ya ankara siku ya 30, nusu siku ya 60. Wastani ni ileile 45, lakini fedha yake ya kwanza haikuchelewa hata siku moja. Au omba muda mrefu kwa oda za msimu tu, zile za kawaida zibaki siku 30.

Akisema ni wasiwasi, anaogopa kwamba hutalipa. Safari za lori hazimsaidii mtu mwenye hofu hiyo. Anahitaji ushahidi na kinga. Mpe rekodi yako ya malipo, hesabu zako za mwaka zilizokaguliwa kama unazo, pengine dhamana ya benki kwa kile kiasi kilichoongezeka, au kipengele kwamba mali ni yake mpaka ilipwe. Kuna wasambazaji wanaokatia bima madeni ya wateja wao, na kampuni ya bima ndiyo inayopanga kiasi na siku za kila mteja. Kwa msambazaji wa namna hiyo, hapana haitoki kwake kabisa, na kubishana naye ni kumwonea. Muulize bima inahitaji taarifa gani kuhusu biashara yako ili ipandishe kiwango, kisha uzitoe.

Akisema ni faida, rudi kwenye 225,000 na zile safari. Hapa pia anaweza kukupa bei mbili: bei ya siku 30 na bei ya siku 45 iliyopanda asilimia 1. Msikasirike, hiyo ni heshima, amekuonyesha gharama waziwazi. Linganisha. Asilimia 1 kwa siku 15 ni takriban asilimia 24 kwa mwaka. Kama benki yako inakutoza 18, chukua bei ya siku 30 na ukope benki. Kama benki haikukopeshi, au muda huo ni wa msimu mmoja tu, huenda ukaikubali, lakini ujue unachonunua.

Mkishaelewana siku, kazi haijaisha. Kuna mambo mawili yanayoharibu makubaliano mazuri kuliko yote, na yote mawili husahauliwa kwa sababu ya furaha ya kupeana mikono.

La kwanza ni siku zinaanza kuhesabiwa lini. “Siku 45” peke yake haina maana. Ni tangu tarehe ya ankara, tangu mzigo kupokelewa, au tangu mwisho wa mwezi? Chukua ankara ya tarehe 2 katika mwezi wa siku 30. Kwa siku 45 tangu tarehe ya ankara, inalipwa baada ya siku 45. Kwa siku 45 tangu mwisho wa mwezi, inasubiri kwanza siku 28, halafu 45, jumla 73. Ankara zikisambaa mwezi mzima, wastani unakaribia siku 60. Meneja mauzo alidhani ametoa 45, mhasibu wake anaona 60, na mnaanza kushukiana. Ongeza na mambo ya ndani: kama mnafanya malipo kila Alhamisi tu, ankara inayoiva Ijumaa italipwa siku sita baadaye. Amueni mapema kwamba mnalipa Alhamisi iliyo kabla ya tarehe, na mwambieni hivyo.

La pili ni kikomo cha mkopo. Kila msambazaji makini ameweka kiasi cha juu anachokubali mteja mmoja kudaiwa. Tuseme karakana yetu ina kikomo cha milioni 40. Kwa siku 30 na mizigo ya milioni 5, deni lilikuwa likifika kati ya milioni 30 na 35, kwa hiyo hakuna aliyekigusa. Kwa siku 45 na mizigo ya milioni 10 kila siku kumi, deni linafika milioni 50 mara tu mzigo wa tano unaposhushwa kabla wa kwanza haujaiva. Kikomo kikibaki 40, mfumo wao utazuia oda ya tano. Lori halitoki, karakana inasimama, na mlichopewa kwa mkono wa kulia kimechukuliwa na wa kushoto bila mtu yeyote kukusudia. Kwa hiyo siku na kikomo huombwa pamoja, katika sentensi moja, na kwa kutaja kiasi: siku 45 na kikomo cha milioni 55, angalau. Kama wanahesabu hata oda ambazo hazijatolewa ankara, basi milioni 65.

Kisha andika. Simu na kikao hujenga maelewano, barua ndiyo inayozuia kusahauliana. Barua yenyewe haihitaji mapambo. Inaweza kusomeka hivi:

“Kufuatia kikao chetu, tunathibitisha kwamba kwa ankara zote zenye tarehe ya kuanzia mosi ya mwezi ujao, malipo yatafanyika siku 45 tangu tarehe ya ankara. Ankara zote za kabla ya tarehe hiyo zitalipwa kwa siku 30 kama zilivyo. Kikomo cha mkopo kitakuwa milioni 55. Sisi tutaagiza mara tatu kwa mwezi, na kasoro yoyote ya ankara tutaitaja ndani ya siku tatu za kazi. Utaratibu huu ni wa majaribio kwa miezi sita. Tukichelewesha malipo mara mbili katika kipindi hicho, mna haki ya kuturudisha kwenye siku 30 kwa oda mpya.”

Angalieni sentensi ya ankara za zamani. Isipokuwepo, mhasibu wako atabadilisha muda kwenye mfumo, na mfumo utazisukuma mbele hata ankara zilizokuwa zinaiva wiki ijayo. Msambazaji ataona umekiuka makubaliano kabla hayajaanza. Ile sentensi ya mwisho nayo baadhi yetu tunaiogopa, lakini ndiyo inayomfanya mtu mwenye wasiwasi aweze kukubali, kwa sababu anajua ana mlango wa kutokea. Nakala ya barua iende kwa mhasibu wa kila upande, na baada ya wiki moja hakikisheni pande zote mbili zimebadilisha mifumo. Wasipobadilisha wao, utaanza kupokea barua za kudaiwa siku ya 31, na mtu wa madeni asiyejua lolote atakuona mdaiwa sugu.

Kuna kitu kimoja kuhusu mpito ambacho mara chache hutajwa. Ukihama kutoka 30 kwenda 45 kwa siku moja, kutatokea siku 15 mfululizo ambazo msambazaji hapokei hata senti kutoka kwako. Ankara za zamani zimekwisha kulipwa, mpya hazijaiva. Hakuna aliyekosea, ni hesabu tu, lakini kwenye akaunti yake linaonekana shimo la milioni 15. Kama hukumwambia mapema, atadhani umeanguka. Njia ya kiungwana ni kupanda ngazi: ankara za mwezi wa kwanza siku 35, za mwezi wa pili siku 40, za mwezi wa tatu 45. Shimo linagawanyika kuwa matatu ya siku tano tano, na anaweza kulipanga. Wewe unapata nafuu yako kwa miezi mitatu badala ya wiki mbili. Mimi naona hiyo ndiyo sadaka bora kuliko zote, na hugharimu subira tu.

Niseme pia juu ya mipaka, kwa sababu siku haziwezi kurefushwa bila kikomo hata kama una nguvu ya kulazimisha. Sehemu nyingi sheria imeingia. Katika Umoja wa Ulaya, maelekezo ya mwaka 2011 yanaweka siku 60 kati ya makampuni, isipokuwa pande mbili zikubaliane waziwazi vinginevyo na bila kumwonea mdai, na kwa vyakula vinavyoharibika maelekezo ya 2019 yanaweka siku 30. India, kwa sheria ya mwaka 2006 ya biashara ndogo, makubaliano na msambazaji mdogo hayaruhusiwi kuvuka siku 45. Angalieni sheria ya kwenu kabla ya kutaja namba. Na pasipo sheria, kipimo ni sehemu uliyo nayo katika mauzo yake. Ukiwa asilimia 5 ya mauzo ya msambazaji, siku zako 15 atazimeza. Ukiwa asilimia 40, unaweza kumfilisi, kisha uanze kutafuta mbao kwa watu wasiokujua. Kampuni ya ujenzi ya Carillion ya Uingereza, iliyoanguka Januari 2018, ilijulikana kwa kuwawekea wakandarasi wake wadogo siku 120. Ilipoanguka, madeni hayo marefu ndiyo yaliyowaacha wengi wao mikono mitupu.

Baada ya makubaliano, endelea kufuatilia kwa macho. Msambazaji aliyekubali kwa shingo upande hakwambii, anaonyesha. Bei ya ubao uleule inapanda ilhali bei za wengine sokoni zimetulia. Mzigo uliokuwa ukifika siku ya pili sasa unafika ya tano. Mbao zikiadimika, wateja wengine wanapata na wewe unaambiwa subiri. Kwa hiyo andika leo, kabla ya kuomba, bei za vitu kumi unavyonunua zaidi na siku zinazopita tangu oda hadi mzigo kufika, ili baada ya miezi mitatu uwe na cha kulinganishia. Ukiona dalili, usilalamike kwa barua. Nenda kamwone, uliza kama siku 45 zinamuumiza, na uwe tayari kurudisha tano.

Na ikitokea mwezi ambao hata siku ya 45 huiwezi, mpigie wewe kwanza, siku tatu kabla ya tarehe na si siku tatu baada yake. Mpe kiasi utakacholipa tarehe ileile, hata kama ni theluthi, na tarehe kamili ya kilichobaki. Mwambie mtu wa madeni pia, si mkubwa wake peke yake, kwa kuwa yeye ndiye atakayeamua asubuhi ile kama lori lako lipakiwe.